Wakikwambia "Tutakutafuta": Kufuatilia Baada ya Usaili wa Kujitolea

*Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa kata, Mikocheni. Tumeiweka kama ilivyosomwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.*

Makamanda! Kaka zangu na dada zangu, asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka Mbagala na Tandika. Nauli ya kutoka kwenu mpaka huku naijua, na nitairudia baadaye kwa sababu nayo ni sehemu ya mada.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie "vijana na ajira". Hiyo ni mada ya siku tatu, na mimi nimepewa dakika ishirini. Kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu: zile siku kati ya usaili wa kujitolea na majibu yake.

Hali yenyewe mnaijua. Ukikatiza mitaa ya nyuma ya Barabara ya Mwai Kibaki, nyumba nyingi zenye geti na mlinzi si za kuishi tena, ni ofisi. Baadhi ni za mashirika ya hisani. Sebule imekuwa mapokezi, chumba cha kulala kimekuwa ofisi ya mratibu wa wanaojitolea. Umeitwa pale, umekaa nusu saa, umejibu maswali vizuri tu. Mwishoni mratibu anakwambia, "Asante sana, tutakutafuta. Na kwa taarifa yako, nafasi hii inaweza kuleta ajira huko mbele." Unatoka getini umefurahi. Wiki ya kwanza inapita. Wiki ya pili, simu kimya. Unaanza kujiuliza: nimpigie? Nikimpigia ataniona msumbufu? Nisipompigia si atanisahau?

Leo nataka niseme jambo moja. Ujumbe wa kufuatilia si wa kuomba huruma. Una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumpa mratibu kitu anachoweza kukipeleka kwa bosi wake. Kazi ya pili ni kupata kwa maandishi maana ya yale maneno "inaweza kuleta ajira". Ukizijua kazi hizo mbili, utajua uandike nini, lini, na uache lini.

Kwa nini wanakaa kimya

Tuanze na ule ukimya. Wengi tunadhani mratibu ametukaushia kwa sababu hatukumpendeza. Mara nyingi sababu iko kwenye ofisi yenyewe. Mratibu wa wanaojitolea kwa kawaida hana uamuzi wa mwisho. Yeye anapendekeza. Juu yake kuna meneja wa mradi anayesema kama kweli anahitaji mtu na siku zipi. Pembeni kuna mhasibu anayesema kama kuna fungu la nauli na chakula. Juu yao kuna mkurugenzi anayesaini, naye huenda yuko Dodoma kwenye kikao au yuko kijijini kwenye mradi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mratibu. Ana majina manane, na meneja anamuuliza, "Huyu binti wa sheria anaweza kuja Jumatano?" Mratibu hakumbuki. Anaanza kutafuta karatasi zake za usaili. Lakini kama kwenye barua pepe yake kuna ujumbe wako unaosema siku zako, saa zako, na nyaraka zako zimeambatanishwa, hatafuti. Anabonyeza tu kuusambaza kwa meneja. Ndiyo maana nasema uandike ujumbe ambao mtu wa tatu, ambaye hajawahi kukuona, akiusoma anaelewa wewe ni nani na unaweza nini.

Ujumbe wa kwanza: kesho yake asubuhi

Tuchukue mfano tuutembeze mpaka mwisho. Mwanafunzi wa sheria amefanya usaili Jumanne tarehe 4 kwenye shirika linalotoa msaada wa kisheria. Nafasi ni ya kukaa dawati la kupokea wateja: kuwasikiliza, kuandika maelezo yao, kuwapeleka kwa wakili. Wamemwambia majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Jumatano tarehe 5 asubuhi anaandika barua pepe hii:

> Kichwa: Usaili wa kujitolea, dawati la msaada wa kisheria, tarehe 4 – (jina lake kamili)
>
> Habari za asubuhi Dada (jina la mratibu),
>
> Nashukuru kwa muda mlionipa jana kwenye usaili wa kujitolea katika dawati la msaada wa kisheria.
>
> Uliniuliza kama naweza kufika siku za kupokea wateja. Nimeangalia ratiba ya chuo: naweza kuwepo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, mpaka wiki ya mitihani itakapoanza.
>
> Nimeambatanisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wawili.
>
> Ulisema majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Nisipopata taarifa, nitaandika tena Alhamisi tarehe 20 kuulizia.
>
> Asante,
> (Jina, namba ya simu)

Hebu tuusome taratibu. Kwanza, haujaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Najua shuleni tulifundishwa hivyo, na kwa barua ya karatasi haina shida. Lakini mratibu anasoma kwenye simu, na kabla hajafungua anaona kichwa na mstari wa kwanza tu. Ukiujaza mstari huo na "husika na kichwa", umetumia nafasi yako kusema hakuna kitu.

Pili, umejibu swali lililoulizwa ndani ya chumba. Kila usaili wa kujitolea una swali moja linalowasumbua wao kweli, na mara nyingi ni siku za kufika. Mashirika yamechoka na watu wanaoahidi Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu muhula ukifunguliwa wanapotea. Kwa hiyo siku tatu za kweli zina thamani kuliko siku tano za kuombea. Ile sentensi ya "mpaka wiki ya mitihani itakapoanza" haikushushi. Inamwambia meneja kwamba huyu amefungua ratiba na kuangalia.

Tatu, nyaraka. Shirika linaloshughulika na watoto au na wanawake waliopigwa haliwezi kukuweka mbele ya wateja bila kujua wewe ni nani. Watataka wadhamini, watataka barua ya mtaa, na wengine watakupa sera ya ulinzi wa mtoto usome na usaini. Usisubiri kuambiwa. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha ukaazi wako, haina uhusiano na chama, kwa hiyo nenda ofisi ya mtaa ukaiombe kama mkaazi mwingine yeyote. Na wadhamini uwe umeongea nao kabla, kwa sababu mratibu akimpigia mwalimu wako na mwalimu akasema "nani huyo?", hapo umekwisha.

Nne, umetaja siku ya kuulizia tena. Hii ndiyo dawa ya ile hofu ya kuwa msumbufu. Ukiandika tarehe 20, hujaibuka tu, unatimiza ulichosema.

Na jambo dogo la lugha. Kama usaili ulikuwa kwa Kiswahili, andika Kiswahili. Kama ulikuwa kwa Kiingereza, andika Kiingereza. Mwite kama alivyojitambulisha: akijitambulisha kwa jina la kwanza, "Dada" au "Kaka" na jina linatosha, akiwa mtu mzima kwako, "Bi." au "Mheshimiwa" si lazima, "Mama" au "Mzee" na jina ni heshima tosha. Usimwandikie "my dear" wala "boss".

Ujumbe wa pili: omba tarehe

Wiki mbili zimeisha Jumanne tarehe 18. Hakuna taarifa. Usiandike siku hiyohiyo, wape siku mbili za kazi. Alhamisi tarehe 20, kama saa 4 asubuhi, unajibu juu ya barua yako ileile ya kwanza ili aione historia yote mahali pamoja:

> Habari Dada (jina), ni (jina lako), tulifanya usaili tarehe 4 kwa ajili ya dawati la msaada wa kisheria. Naulizia kama uamuzi umefikiwa. Siku tatu nilizotaja bado ninazo. Kama kuna mtu au bajeti inayosubiriwa, naomba unijulishe niulizie tena tarehe ngapi.

Angalieni sentensi ya mwisho. Hujamwomba jibu la ndiyo au hapana, kwa sababu huenda hana. Umemwomba tarehe, na tarehe anayo. Mtu asiye na jibu hukwepa simu, lakini mtu anayeulizwa tarehe anaweza kujibu kwa mstari mmoja.

Majibu yake nayo yana maana. Akisema "mkurugenzi anarudi Jumatatu", hapo kuna mtu na kuna siku, subiri. Akisema "tunasubiri fedha za awamu ya pili ya mradi", hapo nafasi ipo lakini haina fungu, na inaweza kuchukua miezi. Akisema tena "tutakutafuta", bila mtu na bila siku, hapo unapigwa kalenda. Usikasirike, endelea na maombi mengine.

Barua pepe ikikaa wiki nzima bila jibu, Alhamisi tarehe 27 unaruhusiwa kupiga simu mara moja, saa za kazi. Asubuhi ni bora. Ijumaa mchana iache, watu wako msikitini au wanafunga wiki. Usibipu. Usitume ule ujumbe wa "tafadhali nipigie". Usitume ujumbe wa sauti wa dakika mbili, hawezi kuusikiliza kwenye kikao. Na usiende getini bila miadi ukiwa na bahasha ya kaki. Mlinzi atakuzuia, na hata akikuruhusu, mratibu atakuona ukiwa umemkatiza kazi.

Baada ya simu hiyo, kama bado hakuna tarehe, unaandika mara ya mwisho: "Naelewa uamuzi bado. Naomba jina langu libaki kwenye orodha yenu, nitafurahi mkinitafuta nafasi ikitokea." Halafu unaacha kweli. Barua mbili, simu moja, barua ya kufunga. Zaidi ya hapo hupati taarifa mpya, unapoteza muda wako tu.

Wakisema ndiyo, ndipo ufuatiliaji unaanza

Wengi tunadhani jibu la "karibu, anza Jumatatu" ndiyo mwisho. Mimi nasema hapo ndipo penye kazi, kwa sababu yale maneno "inaweza kuleta ajira" bado yanaelea hewani.

Mashirika haya hayana mfuko mmoja wa mishahara kama serikali. Yanaishi kwa miradi. Mfadhili anatoa fedha za mwaka mmoja au mitatu, ndani yake kuna mishahara ya watu kadhaa waliotajwa, na mradi ukiisha mishahara inaisha. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ikawa imefungwa kama shirika linaloendesha misaada. Miradi ya hapa kwetu iliyotegemea fedha hizo ilisimama. Mtu aliyekuwa anajitolea akiahidiwa ajira kwenye mradi wa namna hiyo hakudanganywa na mratibu wake. Mratibu mwenyewe naye alikuwa anatafuta kazi. Kwa hiyo swali lako lisiwe "mtaniajiri?" Lisiwe hilo kwa sababu hakuna anayeweza kulijibu. Uliza haya manne:

Siku zangu na saa zangu ni zipi? Nauli na chakula vinarudishwa, kiasi gani, na lini? Kipindi changu ni cha muda gani, na tutakaa kutathmini tarehe ngapi? Na hiyo nafasi ya malipo iko kwenye mradi upi, unaoisha lini, na itatangazwa kwa watu wote?

Swali la mwisho lina siri ndani yake. Mashirika mengi, kwa kanuni zao au za wafadhili, lazima yatangaze nafasi. Maana yake hata ukijitolea vizuri, utaomba kama wengine. Faida uliyonayo ni kwamba kazi unaijua na wanakujua. Ni faida ya kweli, lakini haitoshi kukufanya uache kutafuta kwingine.

Swali la nauli nalo msilionee aibu. Tuseme unatoka Mbagala Rangi Tatu, magari mawili kuja na mawili kurudi, na kila gari ni shilingi 700. Siku moja ni 2,800. Siku tatu kwa wiki ni 8,400. Mwezi wa wiki nne ni 33,600. Miezi mitatu ni 100,800, na hujala. Unajitolea na unalipia kujitolea. Ukikubali, ukubali ukiwa unaijua namba hiyo.

Majibu mengi utayapata kwa mdomo, kwenye simu au kwenye korido. Ndiyo maana jioni yake unaandika: "Dada, asante kwa maelezo ya leo. Kama nilivyoelewa: siku tatu kwa wiki, saa 3 hadi saa 8, nauli inarudishwa kila Ijumaa, miezi mitatu, halafu tathmini, nafasi ya malipo itatangazwa fedha zikija. Kama kuna nilipokosea naomba unirekebishe." Hii haimwudhi mtu. Akijibu "sawa", umepata maandishi. Na msiseme barua pepe au WhatsApp si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo zima ule mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe.

Sheria inasemaje kuhusu "kujitolea" kusikoisha

Hapa navaa kofia ya chuo kidogo, mnivumilie. Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Taasisi za Kazi. Kifungu chake cha 61, kama kilivyotungwa, kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uwe na sura gani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa. Kwenye orodha kuna haya: kazi yake inasimamiwa na kuelekezwa na yule mwingine, saa zake zinapangwa na yule mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita.

Turudi kwa mwenzetu wa dawati. Saa tano kwa siku, siku tatu, ni saa 15 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama saa 65. Ameshavuka 45. Angefika siku mbili tu, ingekuwa saa 10 kwa wiki, karibu saa 43 kwa mwezi, asingevuka kwa kigezo hicho. Mnaona jinsi siku moja inavyobadilisha hesabu?

Lakini msitoke hapa mkisema "yule dada wa sheria amesema mimi ni mwajiriwa". Hiyo ni dhana ya kisheria, na mwajiri anaweza kuipinga. Ataleta makubaliano mliyosaini ya kujitolea, ataonyesha hukulipwa mshahara, ataonyesha ulikuwa huru kutokuja. Bishano kama hilo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na linachukua muda. Shirika la kweli linalofanya kazi nzuri si adui yako, na sikushauri uanze kujitolea ukiwa na kesi mfukoni. Ninachosema ni kwamba tarehe ya tathmini ina maana. Miezi mitatu ikiisha na mtu akakwambia "wewe endelea tu", siku zikawa tano, ukapewa funguo za ofisi na ratiba ya zamu, hapo jina "kujitolea" limebaki kwenye karatasi tu. Siku hiyo unaandika tena ule ujumbe wa maswali manne.

Na weka daftari. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofanya, bila kuandika majina ya wateja, hizo ni siri zao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Saa zako ndiyo mali. Daftari hilohilo ndilo utakalolitumia nafasi ikitangazwa, kwa sababu utaweza kuandika "nimepokea wateja kadhaa kwa miezi mitatu" ukiwa na namba kamili, na si "nina uzoefu".

Chama na shirika

Hili najua mnalisubiri. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inayataka mashirika haya yasifungamane na chama. Mratibu akiona picha yako ya WhatsApp ni bendera, na stetasi kumi za mkutano wa hadhara, hofu yake ya kwanza huenda si ya kukuchukia. Anaogopa mteja wa chama kingine atafikiri dawati ni la chama chako. Kwa hiyo kwenye namba unayofuatilia kazi, weka picha ya uso wako. Hiyo si kujificha. Hata wakili havai fulana ya chama mahakamani.

Ukiulizwa moja kwa moja, "wewe ni wa chama gani?", usidanganye na usihutubie. Sema, "Nina mtazamo wangu, lakini nikiwa dawatini sitavaa wala kuzungumza chama. Kama kuna sera ya shirika nitaisaini." Na mjue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa maoni ya kisiasa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Kwa nafasi ya kujitolea tupu mwajiri anaweza kubisha kwamba haimhusu. Kwa nafasi ya malipo hawezi kubisha hivyo.

Mimi nimemaliza. Maswali.

*Swali la kwanza, kutoka kwa dada mmoja: "Ukifuatilia, halafu mhusika anaanza kukujibu saa nne usiku, anasema tuonane hotelini tuongelee nafasi yako?"*

Asante dada kwa kuuliza, maana tungeondoka bila kulisema. Jibu lake ni fupi: "Asante, nitafika ofisini saa za kazi, naomba unitajie siku." Umejibu kwa maandishi, hujatukana, na umemrudisha ofisini. Akiendelea, akasema nafasi inategemea wewe kukubali, hapo tumetoka kwenye ufuatiliaji, tumeingia kwenye jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayetaka ngono kama sharti la ajira, haki au upendeleo wowote. Haijalishi nafasi ni ya kujitolea. Usifute ujumbe wowote, mwonyeshe mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na namba ya TAKUKURU ya bure ni 113. Kaka zangu, na nyinyi mkiona dada yenu anaacha ghafla kufuatilia nafasi aliyoitaka, msimcheke kwamba hana nia. Muulizeni.

*Swali la pili, kutoka kwa kaka wa Temeke: "Mimi nilipofuatilia wakaniambia nafasi ipo, nitume elfu thelathini ya fomu, kitambulisho na mafunzo. Nitume?"*

Usitume. Shirika linalokuhitaji ukakae dawatini halikuuzii kitambulisho chake. Fanya hivi: chukua namba ya ofisi uliyofanyia usaili, siyo namba iliyokuomba pesa, piga uulize kama ujumbe ule ni wao. Mara nyingine mtu wa nje amepata orodha ya waombaji na anavua samaki kwa jina la shirika. Na kama ofisi yenyewe ndiyo inayotaka pesa, umepata jibu ulilokuwa unalifuatilia: hapo hakuna nafasi, kuna biashara ya fomu.

Wenye ujumbe mliouandika na hamjautuma, nipo pale kwenye viti vya nyuma mpaka saa moja. Njooni nao kwenye simu, tuusome pamoja kabla hamjabonyeza.